Upande wa Nyuma wa Kopo

Picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp asubuhi. Kopo jeupe lenye mfuniko wa rangi ya dhahabu limewekwa juu ya kitambaa cha satini, na ua la plastiki liko pembeni. Mbele ya kopo kuna uso wa mwanamke unaong'aa, jina la krimu kwa herufi kubwa, neno "Paris", na ahadi ya ngozi laini isiyo na madoa ndani ya siku saba. Chini yake muuzaji ameandika bei, namba ya simu na kwamba mzigo uliobaki ni mchache. Mteja mmoja anauliza, "Dada, ina nini ndani?" Jibu linakuja papo hapo: "Mitishamba tupu mpenzi, haina kemikali." Mteja anaomba apigiwe picha ya nyuma. Anatumiwa kopo lilelile, mbele vilevile, ila safari hii limepigwa kutoka juu kidogo.

Mnunuzi wa kawaida huliona jambo hilo kama uzembe mdogo: muuzaji ana haraka, au simu yake ina kamera mbovu. Lakini kwa watu wanaokagua vipodozi, upande wa nyuma usioonekana, au unaoonekana ukiwa mtupu, ni taarifa kamili. Unawaambia mengi kuliko yote yaliyoandikwa mbele.

Sababu ni kwamba orodha ya viambato haiwekwi kwa hisani ya mtengenezaji. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha lebo za vipodozi, EAS 346, na kwa mujibu wake kipodozi kinachouzwa kihalali kinatakiwa kueleza kimetengenezwa na nani, wapi, kina nini ndani, ni cha toleo lipi na mwisho wa kutumika ni lini. Nchini Tanzania kazi ya kusajili na kukagua vipodozi ilitoka kwa iliyokuwa TFDA ikahamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Kenya ina KEBS, na Zanzibar ina wakala wake wa chakula na dawa. Kiwanda chochote kinachotaka bidhaa yake ipite bandarini au isajiliwe kinaijua sheria hiyo tangu siku kinapochapisha lebo ya kwanza. Basi kopo lisilo na orodha limetengenezwa na mtu asiyekusudia kupita kwa mkaguzi, au na mtu ambaye akiandika ukweli bidhaa itakamatwa.

Orodha halali ina sura yake, na ukiizoea huhitaji kuwa mkemia kuitambua. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, hadi kufikia vile ambavyo ni chini ya asilimia moja, ambavyo vinaweza kufuatana kwa mpangilio wowote. Kwenye krimu na losheni nyingi neno la kwanza ni Aqua, yaani maji, kwa sababu sehemu kubwa ya krimu ni maji. Yanafuata mafuta na gliserini, kisha vitu vya kushikanisha maji na mafuta, na mwishoni vihifadhi, manukato na rangi. Sabuni ya mche huanza na majina kama Sodium Palmate au Sodium Cocoate, ambayo ni mafuta ya mawese na ya nazi yaliyokwisha kugeuzwa sabuni. Nazi yenyewe huandikwa Cocos Nucifera, na shea huandikwa Butyrospermum Parkii. Majina ni hayohayo Dar es Salaam, Kampala na Muscat, kwa hiyo mtu aliyepatwa na upele anaweza kumwonyesha daktari wa nchi yoyote na akaeleweka.

Sasa linganisha na kopo la "mitishamba tupu". Krimu iliyotengenezwa kwa mitishamba nayo ina maji, na chochote chenye maji kinachokaa dukani miezi kadhaa bila kuota ukungu kimewekwa kihifadhi. Anayesema krimu yake haina kemikali ama hajui anachouza ama anajua na anaficha. Yote mawili ni mabaya kwa anayekwenda kujipaka usoni.

Kinachofichwa mara nyingi ni zebaki, na namna ilivyogunduliwa kwenye ngozi za watu wa ukanda huu ni kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kirefu.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kijapani walifika kandokando ya Ziwa Viktoria wakiwa na hofu inayoeleweka. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa upande wa Tanzania walikuwa wakitumia zebaki kunasia chembe za dhahabu, na baada ya hapo zebaki iliachwa ielekee kwenye udongo na mito. Kati ya watafiti hao alikuwemo daktari Masazumi Harada, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwahudumia wagonjwa wa Minamata, mji wa pwani ya Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba, samaki wakaibeba, na waliokula samaki hao wakapooza, wakapofuka au wakazaa watoto wenye ulemavu. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Harada alihofia kuwa Ziwa Viktoria lingekuja kuwa Minamata nyingine.

Walikusanya nywele. Zebaki inayoingia mwilini huacha alama kwenye unywele unaoota wakati huo, hivyo mkato mdogo wa nywele huweza kueleza miezi iliyopita. Walipima wachimbaji, wavuvi na familia zao, na wakazi wa Mwanza. Wengi walikuwa na viwango vya kawaida, tena hata miongoni mwa wala samaki. Hata hivyo walijitokeza watu waliovuka sehemu 50 katika milioni, kiwango cha kumshtua daktari yeyote, na baadhi yao hawakuwahi kushika karai la dhahabu. Walipoulizwa juu ya maisha yao ya kila siku, lilijitokeza jambo lililowaunganisha: sabuni ya kuogea. Watu hao ambao hawakuwa wachimbaji walikuwa na mazoea ya kutumia sabuni yenye zebaki nyingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Miaka miwili baadaye Harada na wenzake walichapisha utafiti mwingine kutoka upande wa Kenya wa ziwa hilohilo, na huko pia waliokuwa na zebaki nyingi kwenye nywele walikuwa watumiaji wa sabuni ya kung'arisha ngozi. Baadhi walilalamika kutetemeka, kizunguzungu na uchovu usioisha.

Sumu iliyotafutwa mgodini na ziwani ilikutwa bafuni.

Sabuni yenyewe ilikuwa imetengenezwa Ulaya. Ulaya ilikuwa imeshakataza zebaki kwenye vipodozi vya watu wake tangu miaka ya 1970, isipokuwa kiasi kidogo sana kama kihifadhi cha vipodozi vya macho, lakini kutengeneza sabuni za zebaki kwa ajili ya kuuza nje kuliendelea kwa muda mrefu. Ni mwaka 2003 ndipo sheria ya Umoja wa Ulaya ilipokataza waziwazi kuzisafirisha nje. Jambo hilo linapaswa kukumbukwa na kila anayeamini kuwa neno "Paris" au "London" kwenye kasha ni dhamana ya usalama. Kwa miaka mingi bidhaa kutoka huko ziliweza kuwa na sumu ambayo haikuruhusiwa kuuzwa huko huko.

Wala Harada hakuwa wa kwanza kuliona tatizo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu wazima 60 waliolazwa kwa ugonjwa wa figo ambao huufanya mwili upoteze protini kwa njia ya mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye chumvi ya zebaki. Dalili za ugonjwa huo hazina uhusiano wa wazi na ngozi, na ndiyo maana hupotosha: uso unavimba asubuhi, vifundo vya miguu vinajaa, mkojo unatoa povu kama la sabuni. Mgonjwa anaweza kupimwa malaria, presha na sukari, na hata kwenda kwa mganga, pasipo mtu yeyote kumuuliza anajipaka nini.

Kwa nini zebaki iwekwe kwenye krimu? Kwa sababu inafanya kazi, na hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, na mwili huitengeneza kwa msaada wa kimeng'enya ambacho ili kifanye kazi kinahitaji madini ya shaba. Zebaki hukivuruga kimeng'enya hicho, utengenezaji wa melanini unazorota, na ngozi mpya inayokuja juu inakuwa nyeupe zaidi. Mtumiaji anaona mabadiliko na kumsifu muuzaji. Wakati huohuo zebaki inapenya ngozi, inaingia kwenye damu na kwenda kutuama kwenye figo. Mtumiaji akiacha, melanini hurudi, mara nyingine kwa madoa, naye analirudia kopo.

Ni bei rahisi pia, na kiasi kinachowekwa si cha bahati mbaya. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji ule na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, uliweka ukomo wa sehemu 1 ya zebaki katika milioni kwa vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata nafasi hiyo ndogo ili zebaki isiwekwe kabisa. Chukua kopo la gramu 50. Kwa ukomo ule wa zamani lingeweza kuwa na zebaki ya miligramu 0.05, kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho. Krimu yenye asilimia moja ya zebaki, kiwango ambacho maabara zimekutana nacho mara nyingi, ina nusu gramu nzima katika kopo hilohilo. Ni mara 10,000 zaidi. Kiasi kama hicho hakitokani na uchafu wa kiwandani, na mtu aliyekipima na kukimwaga kwenye pipa la kuchanganyia hawezi kukiandika kwenye lebo.

Zebaki haiko peke yake. Kuna haidrokwinoni, ambayo ikitumika kwa muda mrefu chini ya jua letu inaweza kuacha weusi wa rangi ya samawati na vipele vigumu mashavuni, ambavyo ni vigumu mno kuviondoa. Madaktari wa Afrika Kusini waliliona tatizo hilo kwa wanawake wengi weusi tangu miaka ya 1970. Na kuna steroidi kali, hasa klobetasoli, ambayo leo pengine ndiyo inayohitaji kuzungumzwa zaidi kwa kuwa wengi hawaijui kabisa.

Klobetasoli ni dawa, tena dawa nzuri mikononi mwa daktari wa ngozi. Huandikwa kwa pumu ya ngozi sugu au soriasisi, kwa nguvu ya asilimia 0.05, na maelekezo yake ya kawaida ni isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Hubana mishipa midogo ya damu, hivyo ngozi hupauka upesi, chunusi na wekundu hutulia, na uso unaonekana msafi ndani ya siku chache. Ahadi ile ya siku saba mara nyingi hutimizwa na dawa hii. Mtu akijipaka mwili mzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana, michirizi mipana inatokea mapajani na mabegani, vidonda vinachelewa kupona, na akifanyiwa upasuaji mshono unaweza kugoma kushika. Dawa ikiingia kwenye damu kwa wingi, tezi zinazotengeneza homoni ya mwili ya aina hiyohiyo hupunguza kazi. Kwa mtu wa aina hiyo, kuacha ghafla pia ni hatari, na anapaswa kuonana na daktari ili ashushwe taratibu.

Mkorogo wa mtaani huunganisha vitu hivi. Tyubu kadhaa za dawa ya ngozi hukamuliwa ndani ya losheni, huongezwa krimu nyingine ya kung'arisha na manukato, mchanganyiko unapigwa kwa mwiko au mashine ya kuchanganyia juisi, kisha unagawanywa kwenye makopo matupu yanayouzwa kwa dazeni. Stika huchapishwa stesheneri ya jirani. Mwenye kukoroga hawezi kutoa orodha ya viambato hata akitaka, kwani losheni aliyoanzia nayo huenda yenyewe haikuwa na orodha ya kweli. Hajui kila kopo limepata klobetasoli kiasi gani, na kopo la leo halifanani na la wiki ijayo. Ndiyo maana mteja mmoja anaweza kumsifu muuzaji mwaka mzima, halafu siku moja kopo jipya likamuunguza uso.

Basi picha ya bidhaa isomwe vipi? Mtu aombe picha ya nyuma na ya chini ya kopo, zilizopigwa kwa karibu, na muuzaji aambiwe wazi kuwa bila hizo hakuna biashara. Zikifika, azikuze kwenye simu. Jambo la kwanza ni kuona kama viambato vipo, na kama vinaanza na kitu kinachoingia akilini. Orodha inayotaja aloe, manjano, vitamini C na asali pasipo maji, pasipo mafuta na pasipo kihifadhi ni tangazo tu lililovaa sura ya orodha. La pili ni anwani: jina la kampuni, mtaa au kiwanja, mji na nchi. "Made in France" peke yake si anwani. La tatu ni namba ya toleo na tarehe. Kwenye bidhaa za kiwandani namba hizo hupigwa na mashine baada ya kopo kujazwa, kwa hiyo huwa za wino tofauti na mara nyingine zimekaa upande kidogo. Zikiwa zimechapishwa pamoja na maandishi mengine ya stika, kwa rangi ileile, inawezekana kila kopo lililowahi kutoka lina namba hiyohiyo, na namba hiyo haina kazi.

Wapo wanaotegemea namba za mistari, kwamba zikianza na 620 bidhaa ni ya Tanzania na zikianza na 616 ni ya Kenya. Tarakimu hizo huonyesha tu namba ilisajiliwa nchi gani. Hazisemi bidhaa ilitengenezwa wapi, na mtu mwenye printa anaweza kuinakili mistari ya sabuni halisi kwa dakika chache.

Kuna na maonyo ambayo muuzaji huyaacha bila kujua kuwa yanamfichua. Kopo likishauri uvue pete na hereni za dhahabu au fedha, au lisiguse alumini na mpira, Shirika la Afya Duniani linalichukulia hilo kuwa dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki hushikana na madini hayo. Mara chache sana zebaki huandikwa kwa jina ambalo mnunuzi hawezi kulitambua: calomel, mercuric iodide, ammoniated mercury, hydrargyrum, au herufi mbili tu, Hg. Sabuni inayojitangaza kuwa ya kuua vijidudu na papo hapo kung'arisha ngozi inastahili kusomwa mara mbili, kwa kuwa sabuni nyingi za zebaki ziliuzwa kwa sifa hiyo.

Hata hivyo uchunguzi wa picha una mpaka, na mpaka huo umewagharimu watu. Picha inaweza kutosha kukukatalisha bidhaa. Haiwezi kukuhakikishia kwamba bidhaa ni salama.

Kisa cha Sacramento, California, kinalieleza hilo vizuri. Julai 2019 mwanamke wa miaka 47 alikwenda hospitali akilalamikia ganzi na udhaifu wa mikono. Ndani ya wiki chache maneno yalianza kumtatiza, macho yakafifia, akawa anayumba akitembea, kisha akapoteza fahamu zake za kawaida na kuanza kuweweseka. Damu yake ilikutwa na zebaki mikrogramu 2,620 kwa lita, wakati mtu wa kawaida huwa chini ya 5. Chanzo kilikuwa krimu ya uso aliyokuwa akijipaka mara mbili kwa siku kwa miaka saba, ikiletwa kutoka Meksiko kwa njia ya rafiki. Kopo lilikuwa la chapa inayojulikana dunia nzima, lebo yake ikiwa kamili. Mtu fulani alikuwa ameiongezea zebaki baada ya krimu kutoka kiwandani, na mtengenezaji wa chapa hakuhusika. Vipimo vilionyesha sehemu 12,000 katika milioni, tena ya zebaki ya kikaboni, jamii ileile iliyowaangamiza watu wa Minamata na inayopenya hadi kwenye ubongo. Miezi baadaye, licha ya matibabu, mwanamke huyo alikuwa bado hawezi kusema wala kujihudumia.

Picha ya kopo lile ingepita kila jaribio lililotajwa hapo juu. Kilichokosekana ni njia inayofuatilika kutoka kiwandani hadi mkononi mwake. Kwa hiyo baada ya lebo swali linalofuata ni mzigo umepitia kwa nani, duka lina usajili gani, na je, kopo lilifika likiwa na utando wa kuzibia ambao haujaguswa. Bidhaa inayouzwa kwa nusu ya bei ya duka la dawa, ikiwa imehamishwa kutoka kopo kubwa kwenda makopo madogo, imeshapoteza njia hiyo hata kama kopo kubwa lilikuwa halisi.

Ukubwa wa tatizo la mtandaoni unajulikana kwa kiasi fulani. Mwaka 2023 muungano wa mashirika yanayopiga vita zebaki, Zero Mercury Working Group, ulitoa matokeo ya krimu 213 zilizonunuliwa kwenye masoko ya mtandao katika nchi mbalimbali. Krimu 191 zilivuka ukomo wa sehemu moja katika milioni. Mashirika hayo yalichagua bidhaa zilizoshukiwa, kwa hiyo haimaanishi kuwa krimu tisa kati ya kila kumi zinazouzwa duniani zina sumu. Kinachoonyeshwa ni kwamba zile zilizoshukiwa zilishukiwa kwa haki, nazo zilikuwa bado zinauzwa kwa kubonyeza tu.

Kupima nyumbani hakuwezekani. Krimu yenye zebaki wakati mwingine hugeuka rangi ya kijivu au kijani iliyofifia ikikaa kwenye mwanga, lakini nyingi hazibadiliki, na krimu isiyo na zebaki nayo inaweza kugeuka kwa sababu ya mafuta kuchacha. Wakaguzi hutumia kifaa cha mkononi cha eksirei kinachotambua zebaki kwa dakika chache bila hata kuitoa krimu kwenye kopo. Kifaa hicho hakioni klobetasoli wala haidrokwinoni, ambazo hadi zipelekwe maabara. Anayedai amepima bidhaa yake aulizwe amepima nini na wapi.

Na mwenye kopo la mashaka kabatini afanye nini? Aache kulitumia, isipokuwa yule aliyejipaka mwili mzima kwa miezi, ambaye amwone daktari siku za karibuni kabla ya kukata ghafla. Aende na kopo lenyewe au picha zake, na aombe kipimo cha mkojo cha protini, na cha zebaki pale kinapopatikana. Wa nyumbani nao wakumbukwe. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 2010 uliwakuta na zebaki hata watu ambao hawakuwahi kujipaka krimu hizo, watoto wakiwemo, kwa sababu tu waliishi nyumba moja na mtumiaji. Zebaki hukaa kwenye taulo, foronya na vitasa, na sehemu yake huruka hewani kama mvuke. Taulo na foronya zifuliwe peke yake, au zitupwe kama zimelowana krimu. Kopo lifungwe kwenye mfuko wa plastiki, likazwe, lisimwagwe chooni wala kuchomwa moto, kwani moto hugeuza zebaki kuwa hewa ya kuvuta.

Kisha taarifa ipelekwe TBS, KEBS au mamlaka ya nchi husika, na hapa picha zinarudi kuwa na thamani. Mkaguzi anahitaji picha ya mbele, ya nyuma, ya chini ya kopo, ya tangazo la muuzaji likiwa na tarehe, na ya risiti au ujumbe wa malipo ya simu. Kama kuna namba ya toleo, anaweza kuamuru shehena nzima iondolewe sokoni ndani ya siku chache. Kama haipo, analazimika kwenda duka kwa duka akilinganisha makopo kwa macho, huku muuzaji akiwa ameshabadilisha stika na namba ya simu.